Vipimo vya Kisima Ndani ya Hotuba ya Makabidhiano

Katika vijiji vya nyanda kame za katikati ya Tanzania, hususan Dodoma na Singida, hotuba ya kukabidhi kisima kirefu huwashukuru mhandisi aliyesimamia uchimbaji na akina mama waliokuwa wakifuata maji mbali, lakini mara nyingi shukrani hizo husemwa kijumlajumla, hata msikilizaji akaondoka bila kujua mhandisi alifanya nini hasa, wala akina mama walichangia nini zaidi ya kuvumilia.

Mchango wa akina mama unaweza kuanza kabla mtambo haujafika. Sehemu kubwa ya eneo hilo imelala juu ya granaiti na miamba mingine migumu ambayo yenyewe haihifadhi maji, ila maji hukaa katika nyufa zake na katika tabaka la juu ambalo mvua, joto na miaka mingi vimelilainisha. Mwanamke anayefukua mchanga wa korongo wakati wa kiangazi anajua shimo linalokauka mapema na shimo linaloendelea kutoa maji hadi Oktoba, na habari hiyo ni ya kijiolojia, kwa kuwa shimo linalodumu huenda liko karibu na ufa unaopokea maji kutoka mbali. Mtaalamu wa kutafuta maji hupitisha umeme ardhini kwa vigingi vya chuma, akitafuta mahali unapopita kwa urahisi, kwani mwamba wenye nyufa zilizojaa maji hupitisha umeme kuliko mwamba mzima ulio mkavu. Hata hivyo, udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi navyo hupitisha umeme vizuri, na hapo ndipo mchotaji, ambaye ameonja maji ya kila shimo, humpa mtaalamu habari ambayo kifaa chake hakiwezi kuitenganisha.

Kwa upande wa mhandisi, kazi inayovuta watazamaji ni kutoboa mwamba, ilhali kazi inayoamua uhai wa kisima ni upimaji wa wingi wa maji, ambao hauna watazamaji wengi kwa sababu ni pampu kuunguruma mchana na usiku huku mtu akishusha kamba ya kupimia na kuandika namba. Tuseme kabla ya kupampu maji yametulia mita 18 chini ya ardhi, kisha pampu inatoa lita 3,000 kwa saa kwa muda wa saa 24, na maji yanashuka hadi mita 42 na kubaki hapo. Kubaki huko kunaonyesha kwamba kwa kiwango hicho nyufa zinaingiza maji sawa na yanayotolewa, hivyo pampu inaweza kufungwa mita 60 bila hofu ya kuvuta hewa. Kama maji yangeendelea kushuka, au kama baada ya pampu kuzimwa yasingerudi karibu na mita 18, hifadhi ingekuwa ndogo na kiwango kingepaswa kupunguzwa.

Pampu hiyo ikifanya kazi saa 8 kwa siku hutoa lita 24,000, na kwa kuwa Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 ilitaja lita 25 kwa mtu kwa siku, maji hayo yanawatosha watu 960. Sera hiyo hiyo ilikadiria watu 250 kwa kituo kimoja cha kuchotea, ambao kwa lita 25 kila mmoja wanahitaji takriban ndoo 312 za lita 20. Bomba linalojaza ndoo kwa dakika mbili lingehitaji zaidi ya saa 10 kuzimaliza. Kwa hiyo kituo chenye koki moja huhamisha tu foleni kutoka korongoni hadi kijijini, jambo ambalo waliokesha kwenye foleni hiyo wangelisema mapema kama wangeulizwa.

Namba za upimaji zinastahili kusomwa mbele ya wananchi na nakala yake kubaki katika ofisi ya kijiji, kwa sababu siku maji yatakapopungua bombani, fundi ataanza kwa kulinganisha. Akikuta maji yaliyotulia yameshuka chini ya mita 18, hifadhi yenyewe imepungua; akikuta bado ni mita 18 lakini kwa lita zile zile 3,000 yanashuka kupita mita 42, huenda matundu ya bomba la kisima yameziba na kisima kinahitaji kusafishwa; na ikiwa kina cha maji yaliyotulia hakijabadilika wala maji hayashuki kuliko zamani wakati wa kupampu, basi kasoro iko kwenye pampu au mabomba. Pasipo namba hizo, kijiji huweza kuchangishana fedha za pampu mpya na kuitumbukiza katika kisima kilichohitaji kusafishwa tu.