Sukari Isiyoonwa na Taa

Asali ya misitu ya miombo, kama ile ya Tabora, ikifika kwa mnunuzi mkubwa huulizwa swali moja: ni asali tupu, au imeongezwa sukari? Kiwango cha kimataifa cha Codex kinajibu kwa namba. Katika gramu 100 za asali ya maua, fruktosi na glukosi kwa pamoja zisipungue gramu 60. Sukrosi, yaani sukari ya kawaida tunayotia kwenye chai, isizidi gramu 5, isipokuwa kwa aina chache za maua zilizoruhusiwa zaidi. Kuziandika namba hizo ni rahisi. Ugumu uko kwenye kuzipata, kwa sababu kifaa kinachotegemewa zaidi na maabara hakiioni sukari.

Kazi yenyewe hufanywa kwa kromatografia ya kimiminika. Asali iliyoyeyushwa hubebwa na kimiminika kinachosukumwa na pampu, ikapita kwenye neli ya chuma iliyoshindiliwa chembe laini mno. Neli hiyo wenyewe maabara huiita kolamu. Kila sukari hushikwa humo kwa muda wake: fruktosi hutangulia, glukosi hufuata, sukrosi huja baadaye. Mlangoni mwa kolamu hukaa kigunduzi, ambacho mara nyingi ni taa ya miali ya urujuanimno. Kitu kikimeza miali hiyo, kompyuta huchora kilele.

Kafeini humeza miali hiyo vizuri, na dawa nyingi pia, kwa kuwa molekuli zake zina kromofori, yaani sehemu inayonasa nuru. Sukari hazina sehemu hiyo, na mafuta mengi yana kidogo mno. Sukari huanza kumeza nuru kwa udhaifu karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 190, na huko kimiminika kibebaji nacho huanza kumeza. Fruktosi inaweza kupita mbele ya taa kwa wingi na mstari ukabaki umenyooka.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni kuacha kuuliza nuru imemezwa kiasi gani, na kuuliza imepinda kiasi gani. Fimbo iliyozamishwa nusu majini huonekana imevunjika kwa sababu maji hupinda nuru kuliko hewa. Kipimo cha mpindo huo kwa maji ni kama 1.333, na sukari ikiyeyuka humo hupanda. Kigunduzi cha mpindo kina kijichumba cha kioo kilichogawanywa kwa ukuta wa mshazari. Upande mmoja umejazwa kimiminika kibebaji kitupu na kufungwa, na upande wa pili unapitisha kile kinachotoka kwenye kolamu. Pande zote mbili zikiwa sawa, mwale hutua mahali pake. Sukari ikipita, mwale husogea kidogo sana, na msogeo huo ndio kilele.

Uzuri wake ni kwamba hakibagui, na tatizo lake ni hilo hilo. Gramu moja ya sukari katika lita moja ya maji hupandisha kipimo cha mpindo kwa takriban 0.00014. Nyuzi moja tu ya joto hukishusha kwa takriban 0.0001. Kiyoyozi kikielekezwa kwenye kifaa, mstari wa chini huanza kupanda na kushuka polepole, na sukrosi chache huzama humo zisionekane. Ndiyo maana kijichumba huwekwa kwenye joto moja, kwa mfano nyuzi 35, na mtaalamu huliacha kimiminika likitiririka kwa saa kadhaa kabla ya kuingiza sampuli ya kwanza. Miiba ya ghafla kwenye mstari huashiria viputo vya hewa. Meno madogo yanayojirudia kwa mpigo mmoja hutoka kwenye pampu.

Tuchukue mfano. Gramu 5 za asali zinayeyushwa hadi mililita 100, zinachujwa, na kuingizwa kwenye kolamu ya amino kwa mchanganyiko wa asetonitraili 80 na maji 20. Tuseme mmumunyo wa rejea wenye gramu 2 za fruktosi umetoa kilele cha eneo 400,000, na asali imetoa 380,000. Basi mililita 100 zina fruktosi gramu 1.9, na kwa kuwa zimetoka katika gramu 5 za asali, hiyo ni gramu 38 kwa kila 100. Hesabu ni ya moja kwa moja, kwa sababu kigunduzi hiki hujibu kwa uwiano ulionyooka. Kwa kupima asali, mimi ningekianza hiki.

Njia ya pili huondoa kimiminika kibebaji chenyewe. Kinachotoka kwenye kolamu hupulizwa kwa nitrojeni kikawa ukungu, kisha hupitishwa kwenye bomba la moto ambamo asetonitraili na maji hugeuka mvuke. Sukari haiwezi kuruka, hivyo hubaki vumbi kavu. Vumbi hilo hupita mbele ya mwale na kutawanya nuru, kama tunavyoliona vumbi la nyumbani pale jua linapopenya tundu la bati. Joto la chumba halikisumbui sana, na kimiminika kibebaji kinaweza kubadilishwa hatua kwa hatua wakati kazi inaendelea, jambo lisilowezekana kabisa kwa kigunduzi cha mpindo. Sharti lake ni kwamba kila kilichomo kwenye kibebaji kiweze kuruka. Chumvi ya fosfeti ikitiwa humo, nayo hukauka ikawa vumbi, na mstari wote huinuka.

Mtego mkubwa uko kwenye hesabu. Nuru inayotawanywa haiongezeki sambamba na uzito, bali hufuata kanuni hii, ambamo A ni eneo la kilele na m ni uzito:

```
A = a × m^b
```

Namba b mara nyingi huzidi 1. Tuseme ni 1.5, na maabara imetumia rejea moja tu, inayolingana na sukrosi gramu 10 kwa 100. Asali yenye gramu 6, ambayo imevuka kikomo, itatoa kilele chenye asilimia 46.5 ya rejea. Anayegawanya kwa uwiano wa kawaida ataandika gramu 4.65, na asali hiyo itapita. Kifaa ni kizima na kilele ni kizuri, lakini cheti kimesema uongo. Kinga yake ni rejea tano au zaidi, baadhi zikiwa karibu na gramu 5, na logariti ya eneo ichorwe dhidi ya logariti ya uzito.

Hata hesabu ikiwa sahihi, vigunduzi vyote viwili vina mpaka. Sharubati iliyokwisha kuvunjwa kuwa glukosi na fruktosi haitaonekana ngeni kwenye asali. Iwapo imetoka kwa miwa au mahindi, itabidi ipimwe kwa uwiano wa isotopu za kaboni.

Kwenye mafuta ya kula, kigunduzi cha vumbi ndicho chenye nafasi kubwa. Trigliseridi za mafuta zinafanana mno, na kuzitenganisha mara nyingi hudai kibebaji kinachobadilika njiani. Mafuta ya kawaida ya alizeti hutawaliwa na trigliseridi zenye asidi ya linoleiki, ilhali mawese hutawaliwa na zile zenye palmitiki na oleiki. Alizeti ikichanganywa na mawese, vilele vya mawese huchomoza mahali ambapo alizeti tupu ina kidogo tu. Lakini kanuni ile ile hufanya kilele kidogo kionekane kidogo zaidi ya ukweli wake. Anayetaka kujua ni mawese kiasi gani yaliyotiwa asisome asilimia za maeneo kwenye skrini. Atengeneze mwenyewe michanganyiko ya asilimia 5, 10 na 20, aipitishe siku hiyo hiyo, kisha alinganishe.