Chokaa Haimsubiri Mchoraji

Kwenye dari ya kikanisa cha Sistina, Vatikani, Michelangelo alimchora Adamu akiwa amejilaza ardhini, mkono mmoja ameunyoosha kumwelekea Mungu. Kwa anayetazama kutoka chini, mita 20 hivi, Adamu ni mwili mmoja usio na kiungio. Mafundi waliopanda jukwaani kuisafisha dari hiyo miaka ya 1980 waliona jambo jingine. Mwili ule umeundwa kwa vipande 4 vya lipu vilivyokutanishwa kwa ustadi, na tukio zima, pamoja na Mungu na malaika wake, lina vipande 16. Kila kipande ni kazi ya siku moja.

Michelangelo hakupangiwa mwendo huo na Papa Julius wa Pili, aliyempa kazi. Alipangiwa na chokaa.

Chokaa huanza ikiwa jiwe. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuri hadi joto la nyuzi 900 hivi, hewa ya ukaa iliyofungwa ndani yake hutoka na kuliacha jepesi, lenye kiu kali ya maji. Likimwagiwa maji huchemka lenyewe, hupasuka na kugeuka uji mzito mweupe. Wajenzi wa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, wamefanya hivyo kwa karne nyingi wakichoma matumbawe badala ya mawe ya mlimani, na kinachotokea ndani ya moto ni kilekile. Chokaa iliyokwisha kumwagiwa maji huachwa shimoni kwa miezi, hata miaka, ndipo iwe laini na tulivu.

Ikishapakwa ukutani, safari inarudi nyuma. Maji yanakauka taratibu, na chokaa inaivuta tena kutoka hewani ile hewa ya ukaa iliyoipoteza tanurini. Inakuwa jiwe upya. Kazi hii huanzia juu, kwenye uso wa lipu, ambako utando mwembamba wa fuwele hujitandaza kama ngozi juu ya uji unaopoa. Humo ndimo siri yote ya fresko ya kweli ilimo: rangi zake hazina gundi. Mchoraji husaga udongo mwekundu, wa manjano au wa kijani, akauchanganya na maji matupu, akaupaka juu ya lipu mbichi. Maji ya rangi yanazama kidogo, chembe zinabaki karibu na uso, na fuwele zinapoota zinazifunga ndani yake. Baada ya hapo rangi ni sehemu ya ukuta wenyewe. Ukipitisha kitambaa chenye maji, haitoki.

Lakini utando ukishakamilika, mlango umefungwa. Chembe zinazopakwa baadaye hubaki juu juu, na zikikauka huwa vumbi linaloshikana na kidole.

Kwa hiyo siku ya mchoraji ilianza na fundi wa lipu. Ukuta ulikuwa tayari na tabaka la chini, la mchanga mkubwa, lililokwaruzwa ili tabaka la juu lipate pa kushika. Alfajiri fundi alililowanisha, kisha akapaka juu yake lipu laini, unene wa milimita chache tu, kwa eneo ambalo bwana wake aliamini ataweza kulimaliza. Uso wa mtu mmoja ungeweza kuchukua siku nzima. Anga tupu au ukuta wa nyuma ungekwenda haraka, hivyo kipande chake kilikuwa kikubwa zaidi. Kupima vizuri hapo ndiko kulikomtofautisha bwana na mwanafunzi.

Lipu ikishatulia, mchoro uliokwisha andaliwa kwenye karatasi kubwa huwekwa juu yake. Mistari yake imetobolewa matundu madogo kwa sindano, na kifuko cha unga wa mkaa hugongwagongwa hapo hadi nukta nyeusi zitokee ukutani. Kwingine msaidizi huifuata mistari kwa ncha butu, akaacha mfuo kwenye lipu laini. Ndipo brashi inapoanza.

Saa za mwanzo lipu bado imejaa maji, na rangi huelea bila kushika vizuri. Saa zinazofuata ndizo tamu: ukuta unainywa brashi, unavuta rangi kwa nguvu, na mchoraji mzoefu huziwekea akiba sehemu ngumu, macho, midomo na kivuli cha shingo. Kisha brashi huanza kukwama na kukokota. Hiyo ni dalili ya kuacha. Lipu yoyote iliyobaki bila rangi hukatwa kwa kisu na kubanduliwa, ukingo wake ukiwekewa mlalo ili lipu ya kesho ikae vyema juu yake. Mkato ulifuata mstari wa bega, wa nywele au wa kitambaa, mahali ambapo jicho lilitarajia mpaka. Kazi ilianzia juu kushuka chini, ili matone yasiharibu kilichokamilika.

Ugumu mkubwa ulikuwa asubuhi iliyofuata. Rangi ya fresko hupauka inapokauka, na bega la leo lazima lifanane na mkono wa jana. Kama halikufanana, au kidole kilipinda vibaya, hakukuwa na namna ya kufuta. Kipande chote kilipigwa patasi, kikaangushwa, na siku ikaanza upya.

Hata hali ya hewa ilikuwa na sauti. Michelangelo alipokuwa bado mgeni wa kazi hiyo, ukungu ulijitokeza juu ya picha zake za mwanzo, akataka kuacha kabisa. Mjenzi Giuliano da Sangallo aliyetumwa kukagua alimweleza sababu: lipu ilikuwa imechanganywa na maji mengi mno. Alimfundisha la kufanya, na kazi ikaendelea hadi 1512.

Kulikuwa pia na rangi zisizoivumilia chokaa mbichi. Buluu ya madini ya shaba ilipakwa baadaye, ukuta ukiwa mkavu, kwa gundi ya yai au ya ngozi. Matokeo yake yanaonekana Padova, katika kikanisa cha Scrovegni kilichochorwa na Giotto kufikia 1305 hivi. Kwenye picha ya mamajusi, joho la Bikira Maria limepoteza karibu buluu yake yote, huku nyuso zilizopakwa kwenye lipu mbichi zikiwa bado imara.

Leonardo da Vinci aliukataa mwendo huu. Alipenda kurudi kwenye kazi yake, kusahihisha na kuongeza safu juu ya safu, basi Karamu ya Mwisho ya Milano, ya miaka ya 1495 hadi 1498, akaipaka juu ya ukuta mkavu. Ilianza kubanduka akiwa bado hai.

Tofauti hiyo kati ya kilichopakwa kwenye ubichi na kilichoongezwa kwenye ukavu ndiyo iliyozua mabishano makali dari ya Sistina iliposafishwa kati ya 1980 na 1989. Dawa ya kuondoa masizi ya mishumaa haiigusi rangi iliyofungwa ndani ya fuwele, lakini huondoa kilichoshikiliwa na gundi. Wasafishaji, wakiongozwa na Gianluigi Colalucci, walishikilia kuwa Michelangelo alifanya karibu kila kitu kwenye lipu mbichi, na kwamba weusi ule ulikuwa uchafu na gundi za watu wa baadaye. Wapinzani, akiwemo mwanahistoria James Beck, walisema baadhi ya vivuli vilivyofutwa viliwekwa na mkono wa Michelangelo mwenyewe, lipu ikiwa imekwisha kauka.