Slaidi Ishirini na Nne, Karatasi Nne

Mdogo wangu anasomea uuguzi. Wiki mbili kabla ya mtihani alirudi nyumbani na slaidi 24 za muhadhara wa moyo na mzunguko wa damu, zimechapwa tatu tatu kwa ukurasa, na mistari ya kuandikia pembeni. PowerPoint hutoa mpangilio huo yenyewe, ukichagua Handouts kisha 3 Slides. Shida ni kwamba mistari ile ni ya slaidi nzima. Slaidi yenye hoja tano inapata nafasi ileile inayopata slaidi yenye picha tupu, na maelezo ya hoja ya nne yanaishia yamebanwa chini, hujui tena yanahusu nini.

Tulichokitaka ni kijitabu ambacho kila hoja ina uwanja wake. Kwa hiyo tuliziacha slaidi kama picha, tukachukua maneno yake tu. Katika PowerPoint tulifungua Save As, tukachagua aina ya faili Outline/RTF, kisha tukalifungua faili hilo kwenye Word. Mwanzoni baadhi ya kurasa zilionekana tupu. Kumbe slaidi zile zilikuwa na maandishi meupe juu ya rangi ya buluu, na weupe ule ulihamia kwenye karatasi nyeupe. Dawa yake ni kubonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+Space, halafu kuweka herufi zote za ukubwa wa 10.

Hapa kuna mtego mkubwa zaidi, kwa sababu hauonekani. Njia hii huchukua kichwa na hoja zilizoandikwa ndani ya visanduku vya mpangilio wa slaidi. Maneno ambayo mwalimu aliyachomeka kwenye kisanduku alichokichora mwenyewe hayaji, wala michoro haiji. Mchoro wa vyumba vinne vya moyo, ambao ndio uti wa mgongo wa muhadhara ule, haukuwepo kabisa. Basi pitia slaidi moja moja ukilinganisha na maandishi uliyopata, na kilichokosekana ukinakili kwa mkono.

Baada ya hapo weka karatasi iwe A5, yaani nusu ya A4. Chagua maandishi yote, nenda Insert, Table, Convert Text to Table, uagize safu moja inayogawanywa kwa Paragraphs. Kila hoja sasa imekaa kwenye chumba chake. Ongeza safu ya pili upande wa kulia. Sisi tuliipa ya kushoto sentimita 5 na ya kulia sentimita 7, maana anayehitaji nafasi ni mwandishi. Kwenye Table Properties tuliweka kimo cha kila chumba kisiwe chini ya sentimita 2, na tukaondoa alama kwenye Allow row to break across pages ili hoja isikatike katikati ya kurasa mbili. Vyumba vya vichwa vya slaidi tulivipunguza hadi sentimita 0.7.

Sentimita 2 zinatosha mistari mitatu ya mwandiko wa kawaida. Kando ya hoja isemayo vali ya mitrali iko kati ya atiria na ventrikali za kushoto, mdogo wangu aliandika kwamba ina vipande viwili, wakati ya trikuspidi upande wa kulia ina vitatu, na bado akapata pa kuchora mshale wa damu.

Hoja zilikuwa 96. Ukurasa wa A5 ukiacha pambizo unabeba vyumba tisa, na pamoja na vichwa tulipata kurasa 12. Kijitabu cha kukunja lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwani kila karatasi ya A4 huzaa kurasa nne. Tukaongeza jalada, na kurasa tatu za mwisho zikabaki wazi kwa maswali: 16, karatasi nne.

Peleka steshenari faili la PDF, si la Word, kwani kompyuta isiyo na herufi zako itasogeza vyumba vyote. Katika Acrobat Reader chagua Booklet, na pande zote mbili. Kama mashine inauliza igeuze karatasi upande gani, jibu ni upande mfupi. Ukiacha mrefu, nyuma itatoka kichwa chini. Chapa karatasi moja kwanza. Karatasi ya nje iwe na ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Kila jozi ikijumlishwa itoe 17. Isipotoa, mpangilio umeharibika.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Ifungue, weka karatasi juu ya boksi la katoni, piga pini mbili kwenye mkunjo kutoka nje, kisha zikunje ndani kwa mgongo wa kijiko.