Karatasi ya Bwana Arusi

Katika miaka tuliyofundisha wachumba tumeona vitu vingi vikipotea siku ya arusi. Tumeona pete zikisahauliwa nyumbani, na mara moja msimamizi mwenyewe alikwenda kanisa lisilo lake. Lakini bwana arusi aliyepotewa na maneno yake tumemwona mmoja tu. Habari yake twaisimulia hapa, wala hatutaji jina la mtu wala la kigango, maana wenyewe wangali hai, na jirani zao husoma.

Kijana huyu alikuwa fundi seremala, mpole, mzito wa kusema. Binti aliyemposa alikuwa mshonaji. Zamani, alipokuwa msichana, binti huyo alipasuliwa tumboni hospitalini, na tangu siku hiyo maneno yalitembea kijijini kwamba hatazaa. Hakuna daktari aliyesema hivyo. Yalisemwa kisimani na sokoni. Baba mdogo wa kijana aliyasikia. Basi ulipokuja wakati wa mahari akatoa ng'ombe wanne, akazuia wawili, akanena, "Hao wawili tutawaleta baada ya mtoto wa kwanza." Wazee wa binti walinung'unika, kisha wakanyamaza. Binti naye alinyamaza. Kijana alikuwapo, na yeye pia hakusema neno.

Ndoa ilitangazwa Jumapili tatu, wala hapana aliyeleta kizuizi. Katika mafundisho tuliwaeleza wachumba mwendo wa ibada: kwamba baada ya mahubiri Padre huwauliza maswali matatu, kama wamekuja kwa hiari yao bila kushurutishwa, kama wako tayari kupendana na kuheshimiana maisha yao yote, na kama wako tayari kupokea watoto kwa mapendo na kuwalea. Kisha hushikana mikono ya kuume, na kila mmoja hutamka mbele ya watu kwamba anampokea mwenzake, naye atakuwa mwaminifu kwake katika raha na taabu, katika ugonjwa na afya, siku zote za maisha yake. Ndipo Padre huyapokea makubaliano yao, na pete huja baadaye.

Kijana aliogopa kusahau. Akanunua karatasi nzuri, akaandika juu maneno ya Kanisa, na chini yake akaongeza mengine aliyoyanakili katika simu yake, ya mwezi na nyota na bahari. Hayo ya chini Padre alimwambia ayaweke kwa ajili ya karamu. Akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa kifuani wa koti aliloazimwa na kaka yake.

Siku ya arusi, zikiwa zimebaki dakika kumi kabla ya kengele, alitujia mlangoni pa sakristia, jasho likimtiririka. Akasema, "Mwalimu, karatasi haipo." Tukapekua mifuko yote ya koti, na mifuko ya msimamizi, na kitabu cha nyimbo, na vumbi la njiani. Haikuonekana. Tukamwambia, "Tulia, mwanangu. Maneno yamo katika kitabu cha Padre. Ukikwama atakutangulia, nawe utamfuata." Akatikisa kichwa, lakini tuliona ya kuwa hakusikia.

Na kweli, karatasi haikuwa kitu cha lazima hata kidogo. Ibada yenyewe imeweka njia kwa watu wenye hofu: Padre aweza kuyageuza maneno yote kuwa swali, na bwana arusi akajibu neno moja tu, "Ndiyo." Na asiyeweza kusema kabisa, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1104, yampa ruhusa kuonyesha nia yake kwa ishara. Maana kanuni ya 1057 yafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni makubaliano ya hao wawili, wala hapana uwezo wowote wa kibinadamu uwezao kuyaweka badala yao. Ngoma, shela, keki, hata uzuri wa maneno, vyote vyaweza kukosekana na ndoa ikawa ndoa. Makubaliano yakikosekana, vyote vyaweza kuwapo na ndoa isiwepo.

Basi Misa ikaanza. Maswali matatu yakaulizwa, nao wakajibu. Wakashikana mikono. Kanisa likanyamaza. Kijana akafungua kinywa, wala neno halikutoka. Padre akainama kumtangulia, lakini kabla hajatamka, kijana akaanza kusema mwenyewe, kwa sauti ndogo, akimtazama binti na si watu.

Akasema, "Mimi nilikuwa nimeandika, na nilichoandika kimepotea. Sijui kusema. Nataka kuishi nawe. Kama Mungu akitujalia watoto, nitakaa nawe na kukutunza."

Tulikuwa tumesimama karibu, tukaona mkono wa binti ukilegea katika mkono wake. Katika safu ya mbele baba mdogo alitikisa kichwa polepole, kama mtu asikiaye jambo la haki. Padre hakukasirika, wala hakumkatiza kwa ukali. Alimwuliza kwa upole, hata walio nyuma hawakusikia, "Na asipowajalia?"

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana walimu wengi hulipita neno hili upesi. Kanuni ya 1102 yasema kwamba ndoa haiwezi kufungwa kwa halali ikiwa imewekewa sharti la jambo litakalokuja. Asemaye moyoni, "Nakuoa ukinizalia," hajaoa, ameweka rehani. Hamtoi mwenyewe, hujikopesha mpaka atakapoona. Hata pete ikivalishwa na watu wakipiga vigelegele, pana ufa chini ya nyumba. Na Kanisa halimzuii asiyezaa kuolewa: kanuni ya 1084 yanena wazi kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Neno la kuficha kwa hila ni jambo jingine, lakini hapa hapana aliyeficha; kijiji kizima kilijua kovu lile na maneno yaliyosemwa juu yake.

Lakini si kila "kama" ni sharti. Mtu aweza kusema, "Kama Mungu akitujalia watoto, tutawapeleka shule," naye amepanga tu mambo ya nyumbani. Aweza pia kuteleza ulimi kwa hofu. Utatambuaje basi? Kwa swali lile lile la Padre: na lisipokuja? Akijibu, "Nitabaki mume wake," palikuwa na tumaini tu. Akijibu, "Nitamrudisha kwao," au, "Nitatafuta mwingine," hapo pana sharti, na ibada haina budi kusimama, hata wali ukiwa umekwisha kuiva.

Kijana aliposikia swali akanyamaza. Tunadhani ndipo alipojisikia mwenyewe alivyosema, na maneno yale yalikuwa ya nani. Uso wake ukabadilika. Akaushika tena mkono wa binti, kwa mikono miwili sasa, akasema kwa sauti ambayo sisi tuliomfundisha hatukuwa tumeisikia kwake:

"Asipotujalia, mimi ni mume wako. Walipokaa na kuzuia ng'ombe wale, mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Nilikosa. Sikukuposa kwa ajili ya mtoto. Nalikuposa kwa sababu ni wewe. Sitakurudisha kwenu. Sitatafuta mwanamke mwingine. Tukiwa wawili tu mpaka uzee, basi tutakuwa wawili, na meza nitaitengeneza ya watu wawili."

Watu wengine walicheka kwa neno la meza, kisha wakanyamaza, maana binti alikuwa analia. Mama yake alijifunika uso kwa khanga. Baba mdogo aliangalia chini.

Padre akangoja. Kisha akafanya jambo ambalo twataka walimu waliangalie. Hakusema, "Hayo yatosha." Maneno ya kijana yalikuwa ya kweli, lakini Kanisa limeweka maneno yake kusudi mashahidi wote wasikie jambo moja lililo wazi, na mwaka wowote baadaye pasiwe na shaka lililoahidiwa. Basi akafungua kitabu, akamwuliza kwa njia ya swali kama anampokea huyu awe mke wake, na kuwa mwaminifu kwake katika raha na taabu, katika ugonjwa na afya, siku zote za maisha yake. Akajibu, "Ndiyo, Baba." Akaulizwa binti, naye akajibu, sauti yake imara kuliko ya kijana. Mashahidi wawili walisikia, na baadaye wakatia sahihi katika kitabu cha ndoa.

Karamuni wengi walimsifu kijana kwamba karatasi imepotea kwa bahati njema. Sisi hatukusema hivyo. Angaliikuta, angalisoma maneno ya juu bila kosa, na kila mtu angalirudi kwake ameridhika. Lakini ile "kama" ingalibaki. Kama ilikuwa ya moyo wake au ya wazee tu, hata yeye hakujua mpaka alipoulizwa. Kosa lilikuwa letu pia. Tuliwafundisha wawili hao miezi mitatu, tukajua habari ya ng'ombe, tukaihesabu kuwa neno la wazee. Tulimwuliza kijana kama anakuja kwa hiari. Hatukumwuliza atafanya nini nyumba ikikaa bila mtoto.

Tangu siku hiyo twamwuliza kila mchumba peke yake, mwenzake na wazazi wakiwa nje. Twauliza: Je, pana jambo lisipotimia utamwacha? Mtoto? Mtoto wa kiume? Mshahara? Mahari imekwisha, au imefungwa na neno fulani? Twangoja jibu, hata akikaa kimya kwa muda mrefu. Wengine hukasirika. Wawili walikwenda nyumbani wakafikiri, na mmoja hakurudi; tuliona heri asirudi kabla kuliko baada.

Karatasi ilionekana wiki mbili baada ya arusi. Mfuko wa koti ulikuwa na tundu, nayo iliteremka ikakaa kati ya kitambaa na bitana. Mke mwenyewe aliiona alipofumua bitana ili aushone mfuko kabla ya koti kurudishwa. Alituonyesha: mwezi, nyota, bahari. Tukamwuliza ataiweka wapi. Akacheka, akasema ameitumia kukatia kiolezo cha kola.

Mvua za kwanza zilipokwisha, yule seremala aliwachunga ng'ombe wawili kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa baba mkwe, akawafunga uani. Aliwanunua kwa kazi ya milango na madirisha. Baba mkwe alimwuliza, "Mtoto amekuja?" Akajibu, "Hapana, baba. Ni mahari tu."

Imekuwa miaka minne sasa. Hatujaitwa kubatiza mtoto katika nyumba ile. Tulipopita hapo mwezi uliopita, tulikaribishwa chakula, na kwa kuwa tulikuwa wageni watatu, ilitubidi tuazime meza ya jirani.