Mzigo Umefika, Malipo Yamekwama

Tuseme umeagiza matairi Guangzhou kwa barua ya mkopo: benki yako imeahidi kumlipa muuzaji akileta karatasi zinazolingana na masharti. Mwisho wa kupakia ulikuwa 30 Aprili, lakini hati ya shehena inasema 3 Mei. Ankara nayo imekosea saizi. Benki ina siku 5 za kazi kukagua, na hapo inakataa kulipa. Haiangalii matairi, inasoma karatasi tu.

Ankara, muuzaji ataandika upya. Tarehe haibadiliki, kwa hivyo benki inakuuliza kama unaikubali kasoro hiyo. Ukikubali kwa maandishi na benki ikiridhia, yeye analipwa, nawe unapata hati ya kutoa mzigo Mombasa. Usikawie, gharama za bandarini zinapanda.

Akikuambia mapema atachelewa, omba benki ibadilishe tarehe kabla hajapakia.