Kuulizana juu ya feza nyumbani: tuanzie wapi?



Kuuza kahawa vizuri ni kazi moja. Kusikilizana nyumbani juu ya feza yake ni kazi ingine. Kwa jamaa nyingi za Kivu, jina lililoandikwa ndani ya kitabu cha kopa ni moja tu, na mara nyingi ni jina la bwana. Lakini bibi alipalilia, watoto walivuna, wote walibeba. Siku ya malipo mmoja anajua hesabu, mwingine anangojea. Akiuliza, anasikia: "Juu ya nini unaniuliza vile? Unaniwaza mwizi?"

Ulizo lenyewe si baya. Linaharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni saa. Tunauliza kisha feza kutumika, usiku, mtu amechoka, ao mbele ya wageni. Ya pili ni mwanzo. Tunaanza na feza ya mwenzetu: "Ulipata ngapi? Ingine iko wapi?" Hata mtu asiye na kosa, akiulizwa vile, anajiona kama amesimama mbele ya mahakama.

Basi tugeuze hayo mawili. Tuulize mbele ya malipo, si nyuma. Na tuanze na feza yetu sisi wenyewe pamoja na mahitaji ya nyumba, si na feza ya mwenzetu.

Tufanye mfano. Jamaa moja ilipeleka kahawa mbichi kilo 300 kwenye mizani ya kopa. Bei ni franka 1.500 kwa kilo, ni kusema franka 450.000. Kopa itakata avansi ya 60.000 waliyokamata wakati wa kupalilia. Watapata mkononi 390.000.

Siku mbili mbele ya malipo, kisha kula, watoto wakiwa nje, bibi anasema:

"Baba, kesho kutwa kopa italipa. Naogopa tusisahau masomo ya Septemba. Miye niko na 45.000 ya maharagi na ya likelemba, sikukuambia. Nataka tuandike pamoja yenye iko na yenye inahitajika."

Tuangalie alivyofanya. Hakusema "wewe." Alitaja hofu yake, na ni hofu ya kweli: kahawa inalipwa mwezi wa tano ao wa sita, na shule inaanza mwezi wa tisa. Kisha akafungua siri yake kwanza. Hapo ndipo panauma. Wengi tunataka mwenzetu afungue mkono wake, sisi tukificha wetu. Mwenzako akikuta kisha kwamba ulificha likelemba, kaye yote itaonekana kuwa mtego.

Bwana naye anaweza kuanza vile vile: "Mama, karatasi ya mizani ni hii, tusome pamoja. Niko na deni la 30.000 la dawa, sikukuonyesha." Mwenye jina lake liko kwenye kitabu akitoa karatasi mwenyewe, mwenzake hatakuwa na lazima ya kuuliza.

Wakaandika ndani ya kaye. Wavunaji 60.000. Deni la dawa 30.000. Masomo 120.000, inawekwa pembeni. Chumvi, sabuni na mafuta ya miezi miwili 100.000. Hiyo ni 310.000, inabaki 80.000. Wakakata 20.000 ya bwana na 20.000 ya bibi, ambayo hakuna mtu anamuuliza mwenzake aliitumia namna gani. Ile 40.000 ya mwisho wakaiweka akiba, pamoja na 45.000 ya bibi.

Msidharau zile 20.000 za kila mmoja. Mtu mzima akiombwa kueleza hata bei ya chupa moja ya bia ao ya kitambaa kimoja cha kichwa, ataanza kusema uongo kwa vitu vidogo, na kisha kwa vikubwa. Uwazi tunautafuta kwa mambo ya nyumba nzima: masomo, madeni, shamba, akiba.

Kama mmoja hajui kusoma, mchore: jembe kwa wavunaji, kitabu kwa masomo, chupa kwa dawa. Fungu la masomo liwe na mfuko wake, ili kila mmoja aweze kuhesabu.

Kisha majuma mawili wakahesabu tena. Kwa mfuko wa masomo walikuta 85.000 tu. Inakosekana 35.000. Hapa ndipo kaye nyingi zinakufa. Bibi angeweza kusema, "Ulizipeleka wapi?" Akasema: "Baba, kwa kaye yetu tulisahau kuandika nini?"

Bwana akanyamaza kidogo, akajibu: "Mutoto wa ndugu yangu aliingia hospitali. Nilimupa 35.000. Niliogopa utakatala."

Ulizo lile lilitupa kosa juu ya kaye, si juu ya mtu. Na kweli kaye ilikuwa na kosa: haikuwa na fungu la msaada wa jamaa, na kwetu ndugu akigonjwa hatuwezi kumfungia mlango. Wakakamata 35.000 kwa akiba, wakarudisha kwa masomo, ikabaki 50.000 ya akiba. Wakapatana kwamba msimu unaokuja, msaada wa jamaa wa pande zote mbili utaandikwa tangu mwanzo.

Kuna njia zingine zinaonekana za mkato, lakini zinavunja kuaminiana. Usikamate simu ya mwenzako akilala ili kusoma ujumbe wa feza. Usiende kwa mwekahazina kumuuliza hesabu yake kwa siri. Habari itarudi nyumbani mbele yako. Heri muombe kopa pamoja ninyi wawili: majina mawili kwenye karatasi ya memba, ao kulipwa wote wawili mkiwa pale.

Mwenzako akikasirika, usimfuate na kaye mkononi. Sema, "Sawa, tutaiongea siku ya yenga," kisha uandike upande wako peke yako na uiache wazi mezani. Wengine wanakuja kuandika wao pia, kisha mara ya pili ao ya tatu.

Lakini tuseme ukweli: njia hii inasaidia watu wenye kuogopana kidogo, si mtu mwenye kupigwa. Kama ulizo la feza linaleta fimbo, usilirudilie ukiwa peke yako. Tafuta kwanza mtu mzima ambaye mwenzako anamheshimu. Na kila mtu ajue: Kanuni ya Jamaa ya Kongo ilibadilishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Tangu pale bibi hana tena lazima ya ruhusa ya bwana ili kutia mkono kwa mapatano yake, na sheria inaomba wote wawili wasikilizane.

Malipo ya kahawa yakikaribia, tafuteni kaye moja na biki. Wa kwanza kuandika awe yule anayetaka kuuliza, na aandike yake kwanza.