Maksai Hamsini na Bei ya Mnada

Maksai wa Januari si yule wa Desemba. Amejaa mgongoni, na mnunuzi humpapasa nundu kabla ya kutaja bei. Ndiyo maana Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 41, kilichoanza kutumika 2003, kinataka mifugo na mazao yaliyo shambani yaandikwe kwa bei ya soko ya siku ya kufunga hesabu, baada ya kutoa gharama za kuuza.

Tuseme ranchi ina maksai 50. Mwanzo wa mwaka kila mmoja angeuzwa mnadani kwa shilingi 900,000. Lakini ng'ombe yuko zizini, na kumsafirisha hadi mnadani ni 30,000. Nauli hutolewa kwanza, ibaki 870,000, kwa kuwa hiyo ndiyo thamani yake pale alipo. Kisha hutolewa ujira wa dalali na ushuru wa mnada, jumla 30,000, naye anaandikwa kwa 840,000. Hapa ndipo wengi wanapokosea: nauli wameshaitoa, halafu wanaitoa tena ndani ya gharama za kuuza.

Mwisho wa mwaka, baada ya makato yale yale, kila maksai ana thamani ya 1,170,000. Ongezeko ni 330,000 kwa kila mmoja, yaani milioni 16.5 kwa kundi zima, na lote linaingia kwenye faida ya mwaka.

Mimi humwomba mhasibu swali moja zaidi: leo hii, maksai wa umri na uzito ule wa Januari angekuwa na thamani gani? Tuseme 900,000. Basi 60,000 imeletwa na soko, na 270,000 imeletwa na malisho. Kiwango kinahimiza mgawanyo huo uonyeshwe, ingawa hakilazimishi.

Shambani mambo ni magumu zaidi, maana hakuna mnada wa mahindi yenye majani manne. Yakiwa bado machanga hivyo, gharama za mbegu, mbolea na vibarua huweza kukubaliwa kuwa makadirio ya thamani. Yakishabeba, hukadiriwa magunia na bei, hutolewa gharama zilizobaki hadi mavuno, na kiasi kinachopatikana hupunguzwa kidogo kwa sababu fedha hiyo bado haijafika mkononi. Mkonge na michai hufuata njia nyingine: tangu 2016 mmea wenyewe huhesabiwa kama mtambo, bali majani yanayosubiri kuchumwa hubaki chini ya kiwango hiki.

Turudi zizini. Ile milioni 16.5 haina hata shilingi moja benki. Mwenye ranchi akigawa gawio kwa kuitegemea, itambidi auze ng'ombe ili alipe. Na ukame ukibisha hodi, wafugaji wote hupeleka mifugo mnadani kwa pamoja: bei inashuka wiki ile ile mbavu za maksai zinapoanza kuhesabika.